Rozmari Inayonyauka Udongo Ukiwa Umelowa

Kwenye veranda nyingi za Nairobi vyungu vya viungo hupangwa mstari mmoja: giligilani, nanaa, mrehani, halafu mwishoni rozmari na lavenda. Asubuhi mwenye nyumba hutoka na jagi na kugawa maji kwa haki, kila chungu kikombe chake. Baada ya miezi miwili nanaa imefurika chungu na giligilani imeshachumwa mara kadhaa, lakini rozmari imegeuka kahawia kuanzia matawi ya chini, na lavenda imelegea kama iliyokosa maji. Nje ya lango la nyumba hiyohiyo mara nyingi kuna ua wa rozmari uliokatwa usawa wa kiuno. Haumwagiliwi na mtu yeyote, unategemea mvua tu, na umesongamana majani mabichi yanayonukia ukiupita na kuugusa. Mmea ni uleule na jua ni lilelile. Ule wa veranda unauawa na kikombe cha kila asubuhi.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya kwa sababu mingi ya mimea hii ni ndugu. Rozmari, lavenda, nanaa na mrehani ziko katika ukoo mmoja wa mimea, na ukizitazama kwa karibu utaona maua yake madogo yenye midomo miwili yanafanana. Lakini ndugu hao walikulia mahali tofauti kabisa. Nanaa hupenda kingo za mito na mabonde yenye unyevu. Rozmari na lavenda asili yake ni vilima vya mawe vinavyozunguka bahari ya Mediterania, katika nchi kama Hispania, Ufaransa ya kusini na Italia, ambako udongo mara nyingi ni mwembamba, wenye changarawe na chokaa, na maji ya mvua hupita hapohapo bila kutuama. Kule mvua hunyesha zaidi majira ya baridi. Joto likija, mvua hukatika, na mmea hukaa miezi mitatu au zaidi ukitumia kidogo kilicho chini kabisa ya mawe.

Ukiliokota jani la rozmari utaona ulivyojiandaa kwa maisha hayo. Ni jembamba, gumu, na kingo zake zimejikunja kwenda chini. Ligeuze, na chini yake kuna mfereji mweupe wenye vinyweleo vya manyoya. Vitundu ambavyo jani hupitishia hewa na mvuke vimefichwa humo, mbali na upepo na jua. Lavenda nayo imefunikwa vinyweleo vya kijivu vinavyorudisha mwanga. Sasa shika jani la mrehani: pana, laini, limejaa maji, halina kinga yoyote. Mchana wa jua mrehani ulio kwenye chungu kidogo unaweza kumaliza kikombe chake na kuanza kulegea kabla ya jioni. Rozmari iliyo kando yake imenywa kiasi kidogo tu, na asubuhi inayofuata inaongezewa kikombe kingine juu ya kile ambacho haikukimaliza. Siku ya tano chungu kimejaa maji ambayo hakuna wa kuyanywa.

Kinachofuata hutokea mahali ambapo macho hayafiki. Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni iliyo katika vinafasi kati ya chembe za udongo, na maji yakijaza vinafasi hivyo hewa hufukuzwa. Ncha changa za mizizi, zile nyeupe zinazofanya kazi yote ya kunyonya, ndizo hufa kwanza. Mizizi ikishadhoofika, vimelea viitwavyo fitofthora na pithiamu hupata mlango. Hivi hufanana na ukungu, lakini mbegu zake zina uwezo wa kuogelea, kwa hiyo udongo uliojaa maji ni barabara kwao. Vingi huenea upesi zaidi udongo ukiwa na joto, na hapo ndipo hali yetu ya hewa inapotofautiana vibaya na ya Mediterania. Kule maji mengi huja na baridi. Kwetu masika huleta maji na joto pamoja, jambo ambalo mimea hii haikuzaliwa nalo.

Halafu mmea hutoa ishara inayodanganya. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani hukosa maji na kulegea, ingawa udongo umelowa. Mwenye chungu huona mmea umelegea, huuhurumia, na kuuongezea maji. Nimeona hilo kwa jirani yangu, mama mtu mzima anayeijua bustani vizuri na ambaye nanaa yake hugawiwa mtaa mzima. Aliniita nikaitazame rozmari yake.

“Mwanangu, sikuinyima maji hata siku moja,” aliniambia. “Nanaa ninaipa hivihivi, na tazama ilivyo.”

Chungu kilikuwa cha plastiki, kipana sentimita 30, kimekaa juu ya sahani. Kwenye sahani mlikuwa na maji ya kina cha kidole. Mche wenyewe ulitoka kwenye mfuko wa kitalu ambao upana wake haukuzidi sentimita 12. Majani ya juu yalikuwa bado kijani lakini hayana mng’ao, ya katikati yalikuwa na ncha za kahawia, na ya chini yalidondoka ukiyagusa. Nilikiinua chungu: kilikuwa kizito kupita kiasi kwa ukubwa wake. Tukaulaza ubavuni, tukagonga kando, ukatoka mzima.

Udongo wote ulikuwa mweusi, uliojaa samadi, na nusu yake ya chini ilikuwa tope lenye harufu ya mtaro. Mizizi ilikuwa imebaki katika umbo lilelile la mfuko wa kitalu, haikuwa imetoka hata sentimita mbili kuingia kwenye udongo mpya. Mizizi hai ya rozmari huwa na rangi ya maziwa au ya udongo hafifu, na huwa migumu ukiivuta. Hii ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na nilipoubana mmoja kati ya vidole viwili na kuuvuta, ganda la nje lilitoka lote kama soksi, likabaki uzi mwembamba wa ndani. Ukiona hivyo usitafute maelezo mengine. Kisha tulikwaruza gome la shina kwa ukucha, tukianzia chini. Karibu na udongo lilikuwa la kahawia ndani. Katika matawi mawili ya juu lilikuwa bado kijani chenye unyevu, na hayo nitayarudia.

Mambo matatu yalishirikiana kuua mmea ule mbali na kikombe chenyewe. La kwanza ni sahani, ambayo ilirudishia chungu maji yote kilichojaribu kuyatoa. Kwa mimea hii sahani iondolewe kabisa, na chungu kiinuliwe juu ya vipande vitatu vya matofali au mbao ili matundu ya chini yasibanwe na sakafu. La pili ni ukubwa wa chungu. Mzizi mdogo katikati ya udongo mwingi hauwezi kuukausha, na udongo wa pembeni hukaa umelowa wiki nzima bila mnywaji. Hamisha mche kwenda kwenye chungu kinachouzidi upana kwa sentimita 3 hadi 5 tu, na uhamishe tena ukijaa. La tatu ni udongo wenyewe, na hapa kuna jambo ambalo hata wakulima wazoefu hulikosea.

Watu wengi huambiwa waweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Zinafanya kinyume. Ili kuona kwa nini, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ijae, kisha ilaze juu ya kiganja bila kuibana. Itadondosha kidogo na kuacha. Sasa isimamishe wima kwa ule upande mrefu: maji mengine yatachuruzika, kisha itaacha tena, lakini sehemu ya chini itabaki imejaa. Udongo wa chungu hufanya hivyohivyo. Chini ya kila chungu, hata chenye matundu mengi, hubaki tabaka la udongo lililojaa maji lisilotoka kwa uzito wake. Kina cha tabaka hilo hutegemea ulaini wa udongo: ukiwa laini kama unga, tabaka huwa nene, ukiwa na chembe kubwa, huwa jembamba. Ukiweka kokoto chini, maji hayavuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hutuama juu yake. Tabaka la maji limepandishwa juu, karibu zaidi na mizizi, na udongo uliobaki kwa mmea umepungua. Ndiyo maana pia chungu kirefu ni salama kuliko kile kifupi na kipana chenye udongo uleule: katika kile kirefu mizizi mingi huwa juu ya sehemu iliyojaa maji.

Kwa hiyo chembe kubwa zinatakiwa zichanganywe kwenye udongo wote. Mchanganyiko ninaouamini kwa bara la Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni makopo mawili ya udongo mwekundu wa shambani, makopo mawili ya changarawe au pumisi, na nusu kopo la mboji iliyooza kabisa. Pumisi ni lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, linalochimbwa maeneo ya Naivasha na Longonot. Chembe ziwe za ukubwa wa mbegu ya choroko hadi ya mbaazi. Chekecha vumbi kwanza, maana vumbi ndilo huziba nafasi. Asiyepata pumisi atumie mchanga wa mto ulio mkubwa wa kukwaruza, uliooshwa. Mchanga mwembamba wa kupigia plasta haufai: ukichanganywa na udongo wa mfinyanzi hushikamana na kuwa mgumu zaidi ya ulivyokuwa. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi, ulio mwingi sehemu za Nairobi, uachwe kabisa.

Mboji nusu kopo inaonekana kidogo mno kwa mtu aliyezoea kukuza sukuma wiki. Lakini samadi nyingi hushika maji, na tena huifanya rozmari irefuke haraka na laini, yenye majani mapana yasiyo na harufu kali. Mafuta yanayonukia hukolea kwenye mmea uliokua polepole na juani. Nimeonja mchuzi uliotiwa rozmari ya namna hizo mbili, na ile iliyolelewa kwa ukavu ina nguvu ambayo nyingine haiikaribii.

Kabla ya kupanda, jaribu mchanganyiko wako. Jaza chungu kitupu, ulowanishe mara moja utulie, kisha mimina lita moja ya maji kwa mpigo. Maji yanatakiwa yazame juu ndani ya sekunde chache na yaanze kutoka chini kabla ya dakika moja kwisha. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza kopo la changarawe na ujaribu tena. Chungu cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ni bora kuliko plastiki, kwani hupitisha mvuke kwenye kuta zake, lakini hakikisha kimetobolewa chini. Vyungu vingi vya soko vilitengenezwa kwa ajili ya kupikia au kuwekea maji na havina tundu hata moja.

Kumwagilia sasa kunakuwa kazi ya kusubiri. Kikombe kidogo kila siku ni kibaya hata kwenye udongo mzuri, kwa sababu juu hulowa daima na hewa haipati zamu yake. Mwagilia kwa kushiba: mimina polepole mpaka maji yatoke chini, acha yamalizike kutoka, kisha usiguse tena hadi udongo ukauke. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, yaani kama sentimita 5. Ukihisi ubaridi au chembe zikishika kwenye ngozi, bado. Kipimo bora zaidi ni mikono miwili. Inua chungu mara tu baada ya kumwagilia na ukumbuke uzito wake, kiinue tena kila baada ya siku mbili. Siku utakaposhangaa kwamba ni chepesi, hiyo ndiyo siku yake. Kwa chungu cha lita nne chenye mmea uliokomaa, katika jua la Januari hilo laweza kuwa kila siku tano au saba. Katika Julai ya Nairobi, wakati mawingu hayaondoki na nguo hukaa kwenye kamba siku mbili, linaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Ndiyo maana ratiba ya kalenda haifai, na ndiyo maana rozmari nyingi za jijini hufa miezi hiyo ya baridi ingawa mvua ni chache. Mwenye chungu anaendelea na kiasi cha Januari.

Jua ni sehemu ya ukavu. Rozmari inayopata saa sita au zaidi za jua la moja kwa moja hukausha udongo wake yenyewe. Ikiwekwa kwenye dirisha la jikoni lenye mwanga wa kuazima, hakuna udongo utakaoiokoa kwa urahisi. Wakati wa masika, isogeze chini ya upenu ambapo mvua haifiki lakini upepo unapita, na usiibananishe na vyungu vingine. Lavenda ndiyo dhaifu zaidi kwa unyevu wa hewani: matawi ya ndani yasiyopata upepo hugeuka meusi na kuoza kuanzia katikati. Punguza ncha zake baada ya maua, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwani mara nyingi hauchipui tena hapo.

Kuna upande wa pili wa haya, na ni lazima usemwe kwa uzito uleule. Sifa ya kuvumilia kiangazi ni ya mmea ulio ardhini, wenye mizizi iliyoshuka mbali. Ndani ya chungu mizizi haina pa kwenda. Rozmari iliyoachwa mwezi mzima kwenye chungu kidogo juani hufa kwa kiu kweli, na haitoi onyo mapema, kwa sababu majani yake magumu hayalegei kama ya mrehani. Hubadilika kuwa ya kijivu hafifu, yakaanza kukatika ukiyakunja, na kufikia hapo mara nyingi umeshachelewa. Lavenda huonyesha kiu mapema kidogo, vichipukizi vyake vipya vikiinama mchana na kusimama usiku. Mche uliopandwa karibuni nao usitendewe kama mzee: wiki tano au sita za kwanza umwagiliwe mara udongo wa juu unapokauka sentimita 2. Na kama udongo umekauka hadi kuachana na kuta za chungu, maji ya juu yatapita pembeni tu na kukudanganya kwamba umemwagilia. Kitumbukize chungu ndani ya beseni la maji nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Ukitaka kujua mmea uliolegea una kiu au umezama, kinachoamua ni uzito wa chungu. Chepesi, ni kiu. Kizito, usiongeze hata tone.

Pwani mambo ni magumu zaidi. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hewa yenyewe ina unyevu na usiku haupoi, na ile lavenda ya majani membamba ya kijivu, inayosifika kwa manukato, kwa kawaida haidumu huko hata kwa mkono mzuri. Lavenda yenye majani ya meno meno kwenye kingo huvumilia joto vizuri zaidi, ingawa harufu yake inaelekea kambi na haifai sana kwa chakula. Rozmari huweza kustawi ikipata upepo wa bahari na jua lote. Pwani ina zawadi moja: kokoto za mawe ya matumbawe zilizopondwa ni chokaa, na zinafanya kazi nzuri mahali pa pumisi kwa mimea iliyozaliwa juu ya chokaa. Zichukue kwenye machimbo ya bara, uzioshe, na usitumie mchanga wa ufukweni, kwa sababu chumvi itaunguza mizizi iliyobaki.

Narudi kwenye matawi mawili ya jirani yangu. Mmea wenye mizizi iliyooza yote hauponi kwa dawa ya ukungu. Kilichobaki hai ni juu, na pale ndipo pa kuanzia. Tulikata ncha nne za sentimita 8 hadi 10 kutoka sehemu ambazo gome lilikuwa kijani, zisizo na maua. Tukayatoa majani ya nusu ya chini, tukachomeka vipandikizi hivyo kwenye kopo lililotobolewa, lenye pumisi tupu iliyooshwa. Ule udongo wa zamani tuliutupa, kwa sababu vimelea hubaki ndani yake, na chungu kikasuguliwa kwa sabuni na maji ya jiki kabla ya kutumiwa tena. Kopo likawekwa kivulini penye mwanga, pumisi ikilowanishwa kila ilipoanza kukauka. Hiki ndicho kipindi pekee ambacho rozmari hutaka unyevu wa kudumu, na pumisi huutoa bila kufukuza hewa. Vipandikizi huchukua kati ya wiki tatu na sita kutoa mizizi. Ukivuta kidogo ukahisi kinakataa kutoka, kimeshika.

Vya jirani vilishika vitatu. Tulivihamisha kila kimoja kwenye chungu chake cha udongo uliochomwa, kipana sentimita 12, kwenye mchanganyiko wa makopo mawili kwa mawili, bila sahani. Kisha tukafanya jambo ambalo lilimwia gumu kuliko yote: tukaviondoa kwenye mstari wa nanaa na kuviweka upande mwingine wa veranda, ambako jagi la asubuhi halipiti.